Kura ya Msimu Mmoja

Baba yangu ndiye aliyetoa hoja, na mimi ndiye niliyeiandika. Nilikuwa karani wa chama chetu cha msingi cha ushirika, kwenye vijiji vya upande wa Ndandalo, wilayani Kyela, na katika mikutano mikuu nilikaa kando ya mwenyekiti kuandika muhtasari. Kazi hiyo nilipewa baada ya kumaliza kidato cha nne, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Hakuna aliyeona ubaya baba na binti yake kuwa katika mkutano mmoja. Wanachama wengi tulikuwa ndugu kwa namna moja au nyingine.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia mashambani. Malori yao yalifika mpaka kwenye migomba ya watu, wakalipia kokoa papo hapo, wakati chama kilikuwa bado kinawaambia wakulima wasubiri malipo ya pili, yale ya baada ya mzigo kuuzwa. Ghala letu likaanza kuwa tupu. Paa lilivuja, na mvua za huku hazina huruma na paa bovu.

Baba alikuwa miongoni mwa waliobeba mawe ya msingi wa ghala lile. Siku ya mkutano alivaa koti lake la kanisani, akasimama, akasoma hoja yake polepole ili niipate neno kwa neno: kwamba ghala litengenezwe, na kokoa ya wanachama iendelee kukusanywa na kuuzwa humo kwa jina la chama. Hoja ikaungwa mkono.

Akasimama jirani yetu, mfanyabiashara aliyekuwa na wakwe Karonga na aliyezoea kuvuka mpaka kila mara. Hakuwa mtu mbaya. Msiba ukitokea kwetu, gunia la kwanza la mchele lilitoka kwake. Akaomba kurekebisha hoja: maneno yote baada ya "ghala litengenezwe" yafutwe, na mahali pake yawekwe "na likodishwe kwa mnunuzi binafsi." Vijana wakapiga makofi. Naye akapata wa kumuunga mkono.

Ndipo mama mmoja, mkulima wa Ngonga aliyeolewa kwetu, akaomba kurekebisha yale marekebisho. Alitaka mwishoni iongezwe "kwa msimu mmoja tu."

"Tukiona haitufai, tuwe na njia ya kurudi," alisema. "Nyumba ukimwachia mgeni bila kumwambia anaondoka lini, utamtoaje?"

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa taratibu. Akaeleza kwamba tutaanza na nyongeza ya mama huyu, kwa sababu inagusa marekebisho ya jirani. Tukishajua kama inaingia au haiingii, tutapigia kura marekebisho yenyewe. Mwisho kabisa tutapigia kura hoja, kama itakavyokuwa imerekebishwa. Aliyasema mara mbili, mara ya pili kwa Kinyakyusa.

Nikaandika kichwa kidogo kwa kila kura, kwa mfuatano ule ule, nikaacha nafasi ya hesabu.

"Wanaokubali iongezwe 'kwa msimu mmoja tu', nyoosheni mikono."

Mikono ikapanda. Nilimtazama baba. Mkono wake ulikuwa juu ya goti. Nilidhani hajasikia vizuri.

"Wanaokataa."

Baba akanyoosha mkono juu kabisa, na rafiki zake wa safu ya mbele wakanyoosha pamoja naye. Hapo nikaelewa. Wao hawakutaka ghala likodishwe hata siku moja, na waliona kukubali msimu mmoja ni kukubali kukodisha. Mama wa Ngonga aligeuka akamwangalia baba, mdomo wazi kidogo. Kwa mikono hiyo, pamoja na ya baadhi ya vijana wasiotaka kikomo, nyongeza yake ikaanguka kwa kura mbili.

Kura ya pili ikaitwa: marekebisho ya jirani, sasa yakiwa bila kikomo chochote. Vijana wote wakanyoosha, na baadhi ya waliotaka msimu mmoja wakanyoosha pia, kwa kuwa walitaka fedha za paa. Baba na rafiki zake walikataa, lakini walikuwa wachache. Yakapita.

"Sasa hoja kama ilivyorekebishwa," mwenyekiti akasema, akaisoma: ghala litengenezwe, na likodishwe kwa mnunuzi binafsi. Baba alikuwa ameanza kusimama. "Mwenyekiti, hiyo si hoja yangu."

"Mzee, ni hoja yako kama ilivyorekebishwa na mkutano. Unaweza kuipigia kura ya kuikataa."

Aliikataa. Ikapita.

Jioni alikuja jikoni nilipokuwa nachambua mchele, akaketi kwenye kigoda cha mama.

"Katika muhtasari, mtoa hoja umemwandika nani?"

"Wewe, tata."

"Huwezi kuliondoa jina langu?"

"Hoja uliitoa wewe. Nimeandika ulivyoitoa, halafu kila rekebisho na aliyelileta, halafu kura zilivyofuatana. Atakayesoma ataona."

Akaokota chuya kwenye ungo wangu, akaitupa nje.

"Na ile kura ya kwanza? Umeandika waliokataa ni nani?"

"Idadi tu. Kura za mikono hatuandiki majina."

"Ndaga," akasema, akatoka. Sikujua alinishukuru kwa lipi.

Kwenye ubao wa chama mwenyekiti alibandika azimio tu, bila mfuatano wa kura, na chini yake jina la mtoa hoja, kama ilivyokuwa desturi. Ambao hawakuhudhuria walisoma hapo. Wazee wawili waliokuwa wakipita kwetu asubuhi kusalimu waliacha kupita.

Mkutano uliofuata, nilisoma muhtasari wote ili uthibitishwe. Nilipofika kwenye nyongeza ya msimu mmoja, na kwamba ilikataliwa kabla marekebisho hayajapigiwa kura, kijana mmoja akauliza kwa nguvu: "Waliokataa msimu mmoja ni akina nani? Maana mnunuzi ameshabadilisha makufuli!"

Mwenyekiti akasema majina hayakuandikwa na hayawezi kuongezwa sasa. Kinachotakiwa ni kusema kama muhtasari ni sahihi.

Baba akasimama. Safari hii hakuwa amevaa koti. "Muhtasari ni sahihi," alisema. "Na mmoja wa waliokataa ni mimi."

Mama wa Ngonga aliinama, akaanza kufunga upya kanga yake. Mwenyekiti akauliza kama kuna masahihisho, hayakuwepo, akatia sahihi, nami nikatia yangu.

Baba hakuhudhuria mkutano mwingine. Kokoa yake aliipeleka kwenye ghala lile lile kama wote, akasimama kwenye foleni, akapimiwa na vijana wasiomjua. Chama kilibaki na muhuri na meza, kisha meza nayo ikauzwa. Mimi nilihamia Kyela mjini kuuza katika duka la mtu.

Alifariki wakati wa masika, barabara ikiwa maji matupu, jeneza likabebwa mabegani sehemu kubwa ya njia. Kwenye wasifu, mmoja wa wale vijana waliopiga makofi, sasa mtu mzima na mzee wa kanisa, alisimama kumsifu. "Huyu ndiye aliyetuletea mnunuzi," alisema kwa dhati kabisa. "Hoja ilikuwa yake. Aliona mbali."

Nilitaka kusimama. Mama akanishika mkono.

"Mwache amalize," akanong'ona. "Anamsifu."

Akamaliza. Watu wakaitikia amina. Baada ya mazishi nilimfuata yule mzee wa kanisa nyuma ya nyumba, nikamweleza yote kwa mfuatano wake: nyongeza kwanza, marekebisho, kisha hoja. Alisikiliza kwa upole, maji ya kunawa yakimdondoka vidoleni.

"Pole sana, dada," alisema. "Mimi nilikuwepo, lakini nakumbuka kura ile ya mwisho tu."

Wakamwita akaombee chakula, akaenda. Nikachukua sinia la wali, nikawapelekea wanawake waliokaa na mama ndani.