Kimya cha Shangazi

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumwelekeza mhariri wa filamu yangu mahali pa kukata. Kazi ya kuongoza filamu nilijifunza peke yangu, kwa kurekodi na simu, na hofu ya kukosea haikuniacha.

Filamu ilimhusu shangazi yangu, muuza samaki wa mpakani Busia, aliyefariki kabla hatujamaliza kuihariri. Katika rasimu ya kwanza anamaliza kusema, kisha anaitazama kamera, kimya. Kila mara nilimwandikia mhariri: punguza hapo.

"Dairekta, mimi si mkasi wako," mhariri aliniambia chumbani kwake Tororo, akicheka. "Ukitazama hapo unahisi nini?"

"Kama ananingoja nimjibu."

Akaacha kucheka. Akafupisha picha za malori zilizotangulia, zilizotuchosha kabla ya kumfikia shangazi, na kimya chake akakiacha kizima. Tukatazama filamu yote tangu mwanzo. Sikuwa na la kuongeza. Tukaifunga picha, isikatwe tena, ikaenda kwa fundi wa sauti.

Shangazi bado ananitazama. Siku hizi namwandikia mhariri nilichohisi na nilikihisi wapi. Namna ya kurekebisha namwachia yeye.