Ndama wa Ndalu

Siku Ndalu aliporudi Haneti naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na hasira yake haijanitoka. Alishuka garimoshi Dodoma, akatembea hadi kwetu, akaingia kijijini amevaa viatu na kanzu nyeupe, mkononi ana sanduku la mbao. Wanawake tuliokuwa tukitwanga uwele tulimtazama, tukaendelea kutwanga. Akasema, "Mbukwenyi." Hakuna aliyeitikia. Kwetu kunyimwa salamu ni adhabu kubwa, na siku ile ilimfaa.

Nakusimulia haya wewe kwa sababu nimesikia umemaliza uuguzi na umeitwa ng'ambo. Kaa unisikilize, hata kama maneno yangu yatakuchoma.

Wakati ule nchi ilikuwa ya Wajerumani, na ndui ilikuwa inaua watu kama inzi. Daktari wa boma alitaka vijana wa kufundishwa kuchanja. Wazee wetu wakamchagua Ndalu, maana alikuwa na mikono mitulivu na alijua kusoma kwa wamisheni. Kila kaya ikatoa mbuzi kwa safari na chakula chake. Sisi wasichana tulilima shamba la mama yake kwa muda wote aliokuwa masomoni. Mtu anasema Ndalu alijisomesha? Alisomeshwa na migongo yetu.

Masomo yalipokwisha, akarudi fundi kweli. Dawa ya ndui ilitoka kwenye ngozi ya ndama aliyeambukizwa kwa makusudi, ikatiwa katika kijichupa chembamba cha kioo. Jua likiipiga, imekufa. Ndalu aliifunga kwa kitambaa kibichi, akaitia ndani ya kibuyu, akatembea alfajiri tu. Alikwaruza mkono bila kutoa damu nyingi, akapaka dawa, na baada ya juma moja alirudi kutazama. Kikitoka kijipu, mtu amekingika. Kisipotoka, anachanjwa upya. Hapo kwenye kurudi kutazama ndipo ufundi wote ulipo, mwanangu, na ndipo wengi wasipopajua.

Lakini tusijifiche. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na sisi hatukumtunza. Kina mama waliwaficha watoto ghalani alipopita. Malipo ya boma yalichelewa, naye akala kwa mama yake kama mtoto. Jumbe alipotakiwa kutoa wapagazi, alimtia Ndalu katika kundi, akamtwisha mzigo wa pembe, ile mikono ya kuchanjia ikarudi imechubuka. Basi mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge huko pwani, aliyetaka vibarua wake wasife kabla hawajamaliza kazi, akamwita. Alimpa rupia kila mwezi, nyumba ya mawe, na hakuna wa kumbebesha mzigo. Ndalu akaenda. Wenzake waliofundishwa pamoja naye nao wakaenda, mmoja kwenye mashamba, mwingine kwenye kambi za reli. Nchi nzima ya Ugogo ikabaki na daktari mmoja wa boma na punda wake.

Kutoka huko Ndalu alimletea mama yake kaniki, jora kwa jora. Watu wakamsifu, wakasema kijana anakumbuka kwao.

Kisha ndui ikaja na msafara wa wachuuzi. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema waungwana. Mgeni yule alitumaliza. Daktari hakuweza kufika kila mahali, akatuma tarishi alete dawa. Tarishi alitembea mchana kutwa na vijichupa kwenye mkoba, jua la kiangazi juu yake. Akamkabidhi karani wa jumbe, ambaye aliwahi kumwona Ndalu akichanja. Alimwona tu. Akatukwaruza wote, akapaka ile dawa iliyokwisha kufa, wala hakurudi kutazama mkono wa mtu. Sisi tukajiona tumekingika. Kwa imani hiyo mama yangu akamtuma Mboni, mdogo wangu, akamwuguze shangazi aliyekuwa mgonjwa. Kama Mboni asingechanjwa kabisa, mama angemficha.

Mboni tulimzika ndani ya kaniki ya Ndalu. Hatukuwa na nguo nyingine. Na waliofuata tuliwazika hivyo hivyo, mpaka yale majora yakaisha.

Sasa umeelewa kwa nini hatukuitikia salamu.

Jioni ile wazee walikutana kwa baba yangu. Baba akasema afukuzwe arudi kwa mzungu wake. Ndalu akasimama, macho mekundu. "Nimekuja likizo kuwalilia wafu wangu," alisema. "Kule naitwa fundi. Hapa mlinifanya punda, kisha mnaniuliza mbona punda amekimbia?"

Ndipo bibi yangu, mama yake baba, akaingia. Wanawake hawakuwa na kawaida ya kusema mbele ya kikao kile, naye hakuomba ruhusa.

"Ndalu," alisema, "ukikabidhiwa ng'ombe wa mwenzio umfuge, nini chako?"

"Maziwa, bibi. Na samadi."

"Na ndama?"

"Ndama ni wa mwenye ng'ombe."

"Elimu yako ni ng'ombe wetu. Mzungu amekamua maziwa, nawe umekunywa, sawa. Ndama wetu wako wapi? Umemfundisha nani hapa?"

Kisha akawageukia wazee, na sauti ikapanda. "Na nyie! Nani kati yenu hukabidhi ng'ombe bila mashahidi? Mlimtoa huyu bila kusema ndama ni wa nani. Aliporudi mkamtwisha mizigo. Mmezika wajukuu zangu kwa ujinga wenu, halafu mnataka kumfukuza mtu pekee anayejua? Ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini. Nyie mnafunga zizi."

Akaamua yeye: Ndalu hataondoka mpaka awepo mwingine wa kuchanja. Jumbe asimtwishe mtu huyo mzigo tena. Kaya zimjengee nyumba na zimlishe. Na wa kufundishwa awe msichana, kwa kuwa kina mama hawamfichi msichana watoto wao.

Akanisukuma mimi mbele.

Nilijifunza kwa Ndalu huku namchukia, mwanangu. Alinishika mkono kunionyesha namna ya kukwaruza, nami nikamfikiria Mboni. Alikuwa mwalimu mzuri, na hilo liliniudhi zaidi, maana siku zote angeweza. Aliporudi pwani hakuna aliyemsindikiza. Ndui ilipokuja tena, watoto niliowachanja walibaki wakicheza. Mawakala wa mashamba walinifuata hata mimi. Nikawaonyesha wasichana niliokuwa nawafundisha, nikawaambia wasubiri hadi hao wajue kazi yote. Hawakusubiri.

Basi sikia. Sikuzuii kwenda. Anayemzuia kijana kutafuta ni mpumbavu, na anayemnyima fundi wake heshima na posho asilie akiibiwa. Viongozi wako nitawaambia hivyo hivyo usoni. Lakini usinidanganye kwamba utaniletea nguo na fedha ukadhani umelipa. Fedha haijui kutazama mkono wa mtoto kama kijipu kimetoka. Kabla hujaondoka, mfundishe mtu kazi yako yote, siyo nusu, kwa maana nusu ndiyo iliyomuua Mboni. Na ukirudi, usirudi likizo na sanduku. Rudi uingie wodini, hata kama kitanda ni kibovu na mkubwa wako ana wivu.

Mungu akulinde huko uendako. Awalinde pia wagonjwa unaowaacha, kwa maana hao ndio wenye shida zaidi. Akujalie urudi mapema, ukute bado wapo watu wa kukuitikia salamu.