Mama Sifuti

Mwalimu wa hesabu alikuwa akiwaonyesha wanachuo namba zinazoandikwa kwa moja, sifuri na hasi moja tu. Hasi moja aliiandika H. Ubaoni tano ilikuwa 1HH.

“Nafasi ni za tisa, tatu na moja: tisa, toa tatu, toa moja,” alieleza. “Sasa geuza: moja iwe H, H iwe moja. H11 ni hasi tano, bila alama ya kutoa mbele!”

Mkuu wa idara alisimama mlangoni. “Dada, futa hiyo. Haimo kwenye mtihani.”

“Sifuti. Hesabu haikuzaliwa na mtihani.”

Muhula uliofuata akanyang’anywa darasa. Hakulia wala hakubembeleza. Jumamosi alifundisha kwenye korido, akiandika kwa chaki sakafuni, na wanafunzi wakajaa hadi kwenye ngazi.