Kabati Lililoungwa Nyuma ya Pazia

Maseremala wa Musoma hawanihesabu kuwa mwenzao. Wao hununua mbao, hupiga randa, hukata, na kitu kikisimama ni chao. Mimi naunga makabati na vitanda vinavyoletwa dukani vikiwa vipande ndani ya maboksi, pamoja na mfuko wa skrubu na karatasi ya mchoro. Hapa Nyakato, mtaani kwetu Musoma, wananiita fundi maboksi. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi naitika, maana afadhali kuitwa.

Karatasi hiyo huwachanganya watu. Kabati limechorwa limetawanyika lote kwa mara moja: ubavu mmoja umesogezwa kushoto, mwingine kulia, ubao wa juu unaelea, milango iko mbele hewani, na kutoka kila tundu kuna mstari wa nukta unaokwenda mpaka kwenye tundu la mwenzake. Kila kipande kina namba. Kwenye namba ndipo watu wanapoumia, kwa sababu wanadhani namba moja ndiyo ya kwanza kufungwa na namba mbili inafuata. Namba ile ni jina tu la kipande. Haisemi chochote kuhusu zamu.

Mimi mwenyewe niliumia Butiama, nyumbani kwa mwalimu mstaafu. Nilifuata namba kwa utiifu kabisa. Moja na mbili zilikuwa mbavu, tatu ubao wa juu, nne ubao wa chini. Nikafunga zote, nikakaza, nikajisifu kimoyomoyo. Halafu nikabaki na namba saba mkononi, ubao wa kati, wenye vijiti juu na chini vinavyotaka kuingia pande zote mbili, na pande zote mbili nimeshazifunga. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti ananitazama bila kusema neno. Ni heri angesema.

Mke wangu alikuwa amefuatana nami siku hiyo kwa sababu alitaka kuwasalimia ndugu zake wa huko. Aliichukua karatasi pale chini, akapitisha kidole juu ya mistari ya nukta, polepole, kama anayechambua mchele. Akasema, "Huu wa kati umefungiwa na hawa wawili. Kinachofungiwa ndani kitangulie." Nikamjibu ovyo. Nilimuuliza ufundi alisomea wapi. Kisha nikafungua kila kitu na kuanza upya kwa zamu aliyonipangia, na kabati likasimama.

Tangu siku hiyo karatasi ikawa yake. Kila kazi nzito tulikwenda wote. Yeye alikaa pembeni akisoma, mimi nilikaza skrubu. Na nilikuwa mkali, sitaficha. Akichelewa nilifoka, akiwahi nilimwambia asinikimbize. Sikuwahi kumwambia kwamba bila yeye ningekuwa nabeba tu maboksi ya watu. Ni mwaka wa tatu sasa tangu afariki. Siku hizi najisomea mwenyewe kwa sauti, kwenye vyumba vya watu, na wenye nyumba hudhani naongea na simu.

Tulijaliwa mtoto mmoja tu, binti, naye ameolewa Bunda. Mumewe ni mtumishi wa halmashauri, kijana mpole, mwenye heshima mpaka anachosha. Mwaka jana walipohamia nyumba yao mpya nilisema nitawapa kabati la nguo. Dukani kulikuwa na la milango miwili, kazi ya saa mbili hivi. Nikachagua la milango mitatu lenye droo nne. Watu walinisifu kwa ukarimu. Ukweli ni kwamba nilihesabu vipande. Nilitaka kabati litakalonipa siku nzima nyumbani kwa binti yangu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kula peke yangu, na sikuwa na sababu nyingine ya kwenda ambayo mwanaume wa umri wangu angeweza kuitaja bila aibu.

Kizuizi kilikuwa kimoja. Kabati la ukubwa ule huungwa palepale litakaposimama, maana likishasimama halipiti mlangoni. Lilipaswa kusimama chumbani kwao. Na kwetu mzazi hakanyagi chumba anacholala binti yake na mumewe. Hilo halina mjadala, hata kwa sisi tunaokwenda kanisani kila Jumapili. Binti alinipigia simu. "Baba, sasa tutafanyaje?"

"Nitakaa sebuleni na karatasi," nikamwambia. "Nitasoma, nyie mtafunga."

Ningeweza kuwatumia karatasi pamoja na maboksi. Hilo nililijua wakati ule ule. Lakini maboksi yalipopakiwa kwenda Bunda, karatasi niliitoa kwenye mfuko, nikaikunja na kuitia kwenye mfuko wa shati langu. Nikiwa nayo, nilikuwa na nafasi katika nyumba ile.

Nilifika saa nne asubuhi. Walikuwa wameshakisimamisha kitanda ukutani ili sakafu ipate nafasi. Hilo niliambiwa, sikuliona. Mimi niliona pazia la kijani mlangoni na miguu ya watu wawili chini yake. Nikawekewa kiti kwenye korido, hatua tatu kutoka kwenye pazia, na kikombe cha chai juu ya stuli. Nikavaa miwani nikaanza.

"Kabla ya kuunga chochote, lazeni mbavu zote mbili chini. Fungeni reli za droo na vibao vya bawaba wakati zimelala. Zikisimama mtapata taabu."

"Sawa, Baba," mkwe akaitikia.

"Angalieni kushoto na kulia. Hazifanani. Reli zitazame ndani."

"Tumeona, Baba."

Tuliendelea hivyo. Niliwaambia waingize vijiti vya mbao, kisha zile skrubu zenye shingo, kisha vile vikufuli vya duara, na kila kikufuli mshale wake uelekee ukingoni, skrubu inakoingilia, kabla ya kukigeuza. Ubao wa chini ukaingia ubavuni. Ubao wa kati ukafuata, halafu ubavu wa pili, kabati likiwa limelala kifudifudi. Kwa saa moja na nusu nilikuwa mtu mwenye kazi. Waliuliza, nikajibu. Chai ikapoa sikuinywa, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwa miezi mingi.

Halafu sauti zao zikabadilika. Nikianza sentensi, mkwe anasema "tayari" kabla sijaimaliza. Kitu kikaanguka, wakacheka. Binti akamnong'oneza jambo, wakacheka tena, kile kicheko cha watu wawili ambacho hakihitaji wa tatu. Sikuwaonea wivu. Nilichoona ni kwamba mimi na mama yake hatukuwahi kucheka hivyo juu ya kazi, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Nikiwa kwenye mawazo hayo nikasikia kiganja kikigonga ubao, kisha vikufuli vikikazwa, kimoja baada ya kingine. Nauelewa mlio huo. Ni ubao wa juu unafungwa. Wala sikuwa nimeusema.

"Ubao wa nyuma umeingia?" nikauliza.



"Bado, Baba," mkwe akasema. "Si unapigiliwaga misumari mwisho? Kwa seremala tulikuwaga tunaona anapigilia plaiwudi mwisho kabisa."

Hilo ndilo kosa la huku kwetu, na linaeleweka, kwa kuwa kabati la seremala ndivyo linavyomalizwa. Hili halikuwa la seremala. Ubao wake wa nyuma huteleza kwenye mfereji mwembamba uliochimbwa kwenye mbavu na ubao wa kati, na huteremka kutoka juu. Ukifunga juu, umeziba njia.

Nikasimama. Nikafika kwenye pazia, mkono ukalishika. Ningelivuta na kuingia, ningerekebisha kosa kwa dakika kumi. Badala yake nikafoka, kwa sauti ile ile niliyokuwa namfokea mama yake. "Nimesema mnisikilize! Nani kawaambia mfunge juu?"

Nilirudi kwenye kiti nikiwa na haya. Binti akatoka, jasho usoni, akachuchumaa kando yangu. Hakuwa amekasirika.

"Baba, nionyeshe," akasema.

Nilijua anachoomba. Ningeweza kumwambia tu, rudisheni vikufuli nyuma, toeni ubao wa juu, subirini neno langu. Hapo ningebaki na kazi yangu mpaka jioni. Nikaitazama karatasi, nikamtazama yeye, na nikakumbuka jinsi nilivyomjibu mama yake siku ya Butiama. Nikamwekea karatasi magotini.

"Usitazame namba," nikamwambia. "Tazama mistari ya nukta. Huu wa nyuma unaingilia wapi?"

Akaufuata kwa kidole. "Juu."

"Basi juu pawe wazi mpaka uwe umepita. Kila kipande kiulize hivyo hivyo. Kinaingilia wapi, na nini kitakizibia njia."

Akapitisha kidole kwenye mistari mingine. Kisha akasema, bila kukosea, "Tunautoa wa juu. Nyuma unateremka. Juu unarudi. Tunalisimamisha. Rafu, bomba la kutundikia nguo, droo. Milango mwisho."

"Ndiyo hivyo," nikasema.

Akainuka na karatasi, akaingia nayo ndani. Hakunipokonya. Aliondoka nayo kwa sababu alikuwa anaihitaji, na mimi sikuwa naihitaji kwa lolote. Nikabaki nimeweka mikono magotini.

Kwa saa mbili zilizofuata hakuna aliyeniuliza kitu. Nikanywa ile chai baridi. Nililisikia kabati likiinuliwa, mkwe akisema "taratibu, taratibu upande wako," na sakafu ikapokea uzito. Baadaye binti akatoka na simu yake. "Baba, limesimama. Tazama."

Alikuwa amepiga picha kwa uangalifu, kitanda kisionekane hata kona. Nikaikuza kwa vidole. Lilikuwa limenyooka, ila mlango wa kushoto ulikuwa chini ya wenzake kwa unene wa kidole.

"Huu mlango," nikaanza, na moyo ukanichangamka kidogo.

"Ameshauona, Baba. Anageuza ile skrubu ya bawaba. Iko kwenye karatasi."

Tukala ugali na sato. Mkwe alinipakulia kwa mikono miwili, akanishukuru mara tatu, akaniomba radhi kwa ubao wa juu. Nilimwambia kosa kama hilo hata mimi nimelifanya, jambo ambalo si la kawaida yangu kukiri. Saa tisa binti akanisindikiza barabarani kungoja gari la Musoma. Akaninyooshea kola ya shati kama alivyozoea kufanya mama yake.

"Baba, umechoka sana leo," akasema. "Safari yote hii, halafu umekaa kwenye korido kama mgonjwa. Karatasi nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Hata mwenzangu akihamishwa kituo cha kazi, tutalifungua na kuliunga wenyewe. Hatutakusumbua tena."

Alisema kwa upendo, akitabasamu. Alitaka nipumzike.

"Vizuri, mama," nikamwambia.

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nataka kusumbuliwa, lakini gari lilikuwa limeshasimama na kondakta ananihimiza nipande.