Doa Kando ya Mwamba

Mpiga picha huyu alijiamini kupita kiasi, na siku ile nusura kujiamini huko kumtie msibani. Kioo cheusi cha kupunguza mwanga, kile kinachokuwezesha kuacha lenzi wazi muda mrefu mpaka maji yalainike, kilikuwa kimevunjika. Hakujali; kompyuta ingeifanya kazi hiyo. Asubuhi alisimamisha kamera ukingoni mwa mto, akafunga mipangilio isibadilike, ikawa inapiga yenyewe picha moja baada ya nyingine huku yeye, bwana mkubwa, akichezea simu.

Nyumbani alizipanga picha kwenye kompyuta, moja juu ya nyingine, akaiamuru izichanganye na kutoa picha moja ya wastani wa zote. Mawimbi yakageuka ukungu, mawingu yakajivuta kama pamba. Kando ya mwamba palibaki doa hafifu la bluu.

"Uchafu tu," alijisemea, akalifuta kwa brashi.

Mara dada yake akaingia bila hodi, anahema. "Baba katoroka tena! Hayupo huko mtoni?"

Siku hizi mzee wao alikuwa akisahau mambo, na akiona mlango wazi tu, huyo, ameshaondoka.

"Mtoni hakuna mtu, dada. Nimeshinda pale asubuhi yote. Tazama mwenyewe."

Akamgeuzia skrini. Mto mtupu, umetulia. Dada akaamini, akawaongoza majirani kuelekea sokoni.

Yeye alibaki kuvaa viatu ili awafuate, na hapo ndipo alipolikumbuka lile doa. Kwenye wastani, kitu kilichokaa muda wote hutoka kamili. Kinachofifia ni kile kilichopita kidogo. Na asubuhi ile baba yake alikuwa amevaa shati la bluu.

Akafungua picha moja moja. Ya kwanza, hakuna kitu. Nyingine, hakuna kitu. Kisha, mzee. Anashuka kwenye mawe. Anainama. Anapotea nyuma ya mwamba. Zilizofuata zote zilikuwa maji matupu.

Kila mchana hufunguliwa maji ya bwawa lililo juu ya mto huo. Mchana ulikuwa umeshafika.

Alikimbia huku akimpigia dada simu. "Rudini mtoni! Nimekudanganya, dada, rudini!" Njia nzima aliliona doa lile, na mkono wake mwenyewe ukilifuta. Alimwomba Mungu kama mtoto.

Mto ulikuwa umeshapanda, unanguruma. Alijitosa, akazunguka mwamba akishikilia mawe. Baba yake alikuwa ameubana mgongo kwenye jiwe, maji yamemfika kifuani, meno yanagongana kwa baridi.

"Baba! Kwa nini hukuniita? Nilikuwa pale pale!"

Mzee akamtazama, akachungulia ukingoni ilipokuwa kamera asubuhi.

"Umemaliza?" akauliza kwa sauti ya chini. "Si huwa unanifokea nisiingie kwenye picha?"