Maandishi Chini ya Uso wa Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alizaliwa Australia, na hadi anatimiza miaka mitano hatukuwahi kuzungumza bila mtu katikati yetu. Yeye anajua Kiingereza tu. Mimi nina Kiswahili, Kifaransa cha masista, na Kibemba cha wazazi wangu waliotoka Pweto. Binti yangu alitutafsiria, lakini anatafsiri kama anavyopika, kwa haraka na kwa kupunguza. Mtoto anaongea mpaka anaishiwa pumzi, halafu mimi naambiwa, "Anakusalimia, mama." Nilikasirika, nikajiandikisha katika darasa la Kiingereza la parokia yetu hapa mtaani Bel-Air, pamoja na mvi zangu zote.

Mwalimu ndiye aliyenionyesha kwamba simu ya video inaweza kuandika maneno ya anayesema, chini ya skrini, papo hapo. Jumapili baada ya misa nikawasha. Ulikuwa upuuzi mtupu: simu yangu ni ya Kifaransa, na maandishi yalitegemea kusikia Kifaransa, basi Kiingereza cha mtoto kikageuka maneno ya Kifaransa yasiyo na kichwa wala miguu. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua Kiingereza kuwa lugha inayozungumzwa. Palikuwa pia na nafasi ya tafsiri. Nikaweka Kifaransa, nikaelewa karibu kila kitu na sikujifunza hata neno moja. Nikaiondoa tafsiri, nikakuza herufi, nikaanza kusoma Kiingereza kama kilivyo.

Kwa mkwe wangu mambo yalikuwa matamu. Kwetu mama mkwe hamkazii macho mume wa binti yake, wala halali nyumbani kwake hivi hivi. Hiyo ndiyo buko, heshima ya ukwe. Yeye ni mtu wa huko huko Australia, hakujua, na alipenda kusogeza uso mpaka pua yake ijaze skrini. Sasa niliinamisha macho kwenye maandishi, nikamjibu kwa adabu zote, na hakuna aliyeona ajabu. Nilijisifu sana.

Kwa mtoto nilifanya vile vile. Maandishi yanachelewa kidogo, na mara nyingine yanafuta neno na kuweka lingine kabla sentensi haijaisha, hasa kwa sauti ya mtoto, basi ukiinua macho umepotea. Sikuinua. Jumapili moja aliacha maneno yake katikati, akaondoka kwenye skrini. Binti yangu akaja.

"Mama, mutoto anauliza, juu ya nini Kambo hamuangalie?" Kambo ni mimi, bibi yake.

"Niko nasoma maneno yake. Hauone?"

"Hapana, mama. Ile maandishi iko kwako tu. Ye anaona tu macho yako iko chini. Anasema Kambo hamupende."

Iliniuma. Mtoto wa binti yangu nilikuwa nimempa macho ya buko, kama mkwe, kwa ajili ya kumwelewa. Nililia pale pale mezani, na binti yangu akaniacha nilie.

Tulikubaliana hivi: nizime maandishi wakati wa simu, na yeye, kila mtu akijua, arekodi mazungumzo. Kisha aiweke video kwenye akaunti ya familia isiyofunguliwa na wageni, ambako maandishi ya Kiingereza yanajitengeneza yenyewe, nami niisome nikiwa nimepunguza mwendo.

Jumapili iliyofuata nilimwangalia tu. Ana vishimo mashavuni vya marehemu mume wangu. Nilikuwa sijaviona vizuri. Alinionyesha kitanda, akauliza kitu, nikajibu, "Yes, yes," kwa furaha, akaruka ruka.

Jioni nikafungua ile video, nikasoma polepole. Kumbe aliuliza kama nitakuja kulala chumbani kwake. Na mimi nimesema ndiyo. Nilishika kichwa, nikaanza kutunga namna ya kumwambia binti yangu kwamba haiwezekani, kwamba mama mkwe halali chini ya paa la mkwe.

Video haikuwa imeisha. Mtoto alikuwa amekimbia, skrini ilionyesha ukuta, lakini sauti ya mkwe wangu ilisikika pembeni, na maandishi yakaifuata. Alikuwa akimwambia mke wake: "Najua si heshima kwao alale ndani mwangu. Unadhani angekubali chumba cha nyuma, nikikitobolea mlango wake wa nje, mtoto alale naye huko?"

Nilirudisha nyuma, nikasoma tena, neno kwa neno, na kamusi pembeni. Kwa hiyo binti yangu alikwisha kumweleza habari ya buko, na yeye aliifikiria.

Asubuhi nikapiga simu.

"Umuambie bwana yako," nilisema, "atengeneze ule mulango."