Ukuta wa Mama Mkwe

Mtaani walimwita Baridi, ingawa mwenyewe alikuwa mwepesi wa kuwaka. Jina alijipatia kwa mdomo wake. Kila mteja aliyefika uwanjani kwake, ilipokaa mashine ya kushindilia matofali ya udongo, aliahidiwa baridi kabla hajaulizwa anataka vyumba vingapi. Neno hilo alilitumia miaka nenda rudi, kwa uhakika wa mtu anayeuza kitu asichokitumia, maana yeye na mkewe walipanga vyumba viwili vya matofali ya saruji chini ya bati tupu, ambamo mchana hata nzi walitoka nje kupunga upepo.

Kazi aliijua. Udongo hakuuamini kwa rangi. Aliulowesha kidogo, akafinyanga donge, akaliachia lianguke kutoka usawa wa bega. Likitawanyika kama unga, maji hayatoshi. Likibaki chini limebonyea tu, yamezidi. Likipasuka vipande vichache, aliwaita vijana waanze kujaza mashine. Udongo wenye mfinyanzi mwingi aliupunguza kwa mchanga, la sivyo tofali lingechanika likikauka, na saruji alitia kidogo tu, kwa mkono wa mtu anayetia chumvi. Matofali yake hayakuingia tanuruni. Yalipangwa kivulini, yakafunikwa nailoni na kunyunyiziwa maji kwa wiki kadhaa, yakihudumiwa vizuri kuliko wagonjwa wengi. Msingi daima ulikuwa wa mawe, uliopanda mpaka magotini, ili maji ya mvua yanayorukaruka kutoka chini yapige jiwe, yasiule ukuta.

Hivyo alipomjengea mama mkwe wake nyumba, hakuna aliyetegemea makosa, na kwa hesabu ya ufundi wa mikono hayakuwepo.

Mama mkwe alikuwa mjane aliyestaafu usimamizi wa bweni la wasichana, kazi iliyomwachia tabia ya kusema jambo mara moja. Siku ya kupima kiwanja, kamba zikiwa zimeshafungwa kwenye vigingi, alisimama katikati na kuuliza kwa nini mlango unatazama nyuma ya nyumba za watu ilhali barabara iko upande wa pili. Baridi alikuwa na jibu. Chumba cha kulala kilipangwa mashariki, na baraza lenye nguzo za mbao lilipangwa magharibi, lilikinge jua la jioni. Lakini mtu habishani na mama wa mkewe mbele ya vibarua. Alisema sawa mama, akang'oa vigingi, akaigeuza nyumba yote kama chapati. Baraza likahamia mashariki, barabarani, lionekane. Chumba cha kulala kikaangukia magharibi, ukuta wake uchi mbele ya jua.

Nyumba ikaisha, ikasifiwa. Mchana sebule ilikuwa kama ndani ya mtungi, na wageni walikawia kuondoka, jambo ambalo mama mkwe hakulihesabu kuwa faida.

Halafu muuza mkaa, jirani wa mama mkwe, akapita uwanjani kununua maneno zaidi kuliko matofali. Alimuuliza Baridi kama siku hizi anajenga nyumba za kulala nje, kwa sababu kila jioni mama anatandika mkeka barazani, juu ya sakafu ya mawe, na anabaki hapo mpaka mtaa mzima umezima taa.

Habari zikafika kwa shemeji kabla ya Baridi kupata la kusema. Shemeji huyu, mtoto wa kiume wa pekee wa mama, aliuza mabati, na nyumba yake ilikuwa na feni. Alitangaza kwamba Jumamosi atakuja na pikapu kumhamisha mama yake. Hakusema kwa ubaya, jambo lililoudhi zaidi. Baridi alielewa hesabu ilivyo. Mama akihama, nyumba pekee aliyowajengea watu wake itakuwa ile iliyomfukuza mkwewe kwa joto, na hapo jina lake litabaki lilelile, ila watu watakuwa wanalitaja wakicheka. Tena mkewe angekuwa wa kwanza kulisikia, kwenye cherehani yake, kila mteja akija kupima.

Tatizo lilikuwa chumbani, na chumbani kwa mama mkwe yeye hakanyagi. Akamtuma mkewe, jioni, na maelekezo: aweke kiganja kwenye kila ukuta, kwa ndani, arudi aseme.

Mkewe alirudi akasema kuta tatu zimepoa. "Ule wa kichwani mwa kitanda, ningekuwa na sare za shule ningezipiga pasi hapohapo."

Baridi alijua kinachotokea, maana alishawaeleza wateja mara nyingi, ila upande wa faida. Ukuta wa udongo haupitishi joto upesi. Unalimeza jua taratibu, na saa kadhaa baadaye ndipo joto lile linatokea upande wa pili. Ukuta unaopigwa na jua mchana hadi jioni unampokea mtu kwa joto lake kamili anapopanda kitandani. Tena mama alifungua dirisha mchana kwa ajili ya hewa, akalifunga usiku kwa ajili ya wezi. Kila alichokifanya kilikuwa kinyume, na hakuna aliyemwambia.

Kesho yake jioni alikwenda kueleza, akisimama barazani huku mkewe akiingia na kutoka na maneno kama mkalimani wa mahakama. Mama mkwe alichoka.

"Ingia uushike mwenyewe," alisema. "Sikukuita mkwe, nimeita fundi."

Baridi alivua viatu, akaingia akitazama sakafu, akaweka kiganja. Kilikuwa cha moto kweli.

"Mama, kosa ni langu. Nilipougeuza mlango, jua sikuligeuza."

"Mimi ndiye niliyesema ugeuze."

"Ndiyo, mama. Sasa mimi ni mkweo, ningebisha vipi?"

"Ungebisha kifundi," alisema mama mkwe. "Ukwe ungeusubirisha nje na viatu."

Shemeji aliposikia kwamba Baridi anataka kuutilia ukuta ule kivuli, alijitolea mabati, bure. Baridi akakataa kwa adabu: bati lingewaka na kuurudishia ukuta joto. Alitaka mbao, ambazo hazihifadhi jua, zikae umbali wa kiganja kutoka ukutani, hewa ipande katikati. Seremala akasema alizonazo ni mbichi, zitapinda. Zilizokauka mtaani zilikuwa sehemu moja tu, chini ya kitanda na nyuma ya mlango wa Baridi mwenyewe, akiziweka kwa paa la nyumba yake ambayo bado haikuwa na hata msingi. Alizitoa. Mkewe alimsaidia kubeba.

Ukuta wa magharibi ukavikwa mbao kutoka juu hadi chini. Dirisha likapata shata ya vipande vya mbao vilivyoinama, inayokomelewa kwa ndani: mwizi haingii, upepo unaingia. Juu, chini ya paa, alitoboa matundu ya hewa na kuyaziba kwa wavu wa mbu. Amri ikawa kufunga mchana, kufungua usiku. Mama akalalamika kwamba mchana nyumba inaonekana kama duka lililofilisika, lakini akafunga.

Jumamosi pikapu ilifika. Godoro likapakiwa. Mama akasema hakuna anayeondoka kabla ya jua kuzama, akakaa. Wakakaa wote. Shemeji alisifu mbao kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

Giza lilipoingia mama alinyanyuka, akaingia chumbani peke yake. Alikaa huko muda. Alipotoka hakumtazama Baridi.

"Shusha godoro," akamwambia mwanawe.

Shemeji alishika upande mmoja, Baridi akashika mwingine. Walilipitisha barazani, wakakatiza sebuleni. Kwenye mlango wa chumba Baridi akasimama, akamwachia mkewe upande wake, kwa sababu leo hakuna aliyeita fundi.